Anayepoteza Ndiye Anayepanga

Mama mdogo alifika kwetu kambini kutoka Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, akiwa na godoro moja, sufuria mbili, na binti wa miaka sita aliyekuwa anakimbia. Sisemi kwamba alikuwa mtundu. Mtoto mtundu anakimbia huku anacheka na kugeuka kuona kama unamfuata. Huyu hakugeuka. Kitu kikimwendea vibaya, kikombe kikivunjika au mtoto mwenzake akimnyang'anya kamba, aliinuka bila sauti, na ukija kushtuka mahali alipokaa pako wazi. Tulikuwa tunamkuta nyuma ya tangi la maji pale bombani, amejibana kati ya tangi na mawe, magoti yamegusa kidevu.

Nilijua alikojifunza. Njiani walipokuwa wanatoka Kivu, mama yake ndiye aliyemwambia asingoje, akiona mambo yameharibika aondoke, atakutwa mbele. Alimfundisha vizuri mno. Sasa alikuwa anajaribu kumfundisha kukaa, na kukaa hakukuingia.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Sikuwa mtu wa kuongea. Darasani mwalimu akiuliza swali nilikuwa nachora kwenye kiganja mpaka mwingine ajibu. Kitu nilichokiweza ni chesi, kwa sababu ni mchezo ambao unaruhusiwa kunyamaza. Ukumbi wa kanisa letu ulikuwa na seti moja, na kijana mmoja wa Bukavu alitufundisha Jumamosi. Mnara mmoja ulikuwa umepotea, tukaweka kifuniko cha dawa ya meno mahali pake. Hakuna aliyecheka tena baada ya wiki ya kwanza. Kifuniko kilikuwa mnara.

Yule mtoto alianza kunifuata huko. Aliniita yaya, kama kwetu tunavyomwita mkubwa wetu, awe wa kike au wa kiume. Alikaa kwenye benchi, akatazama mchezo mzima bila kuinuka. Nilimwona mama mdogo mlangoni, amekuja kumtafuta akiwa na khanga begani. Alisimama pale akimtazama binti yake jinsi alivyotulia, na hakumwita.

Jioni hiyo aliniambia, "Ile mchezo yenu, umufundishe."

"Bado mudogo, mama."

"Anakaa. Umeona vile alikaa? Umufundishe." Halafu akaongeza, na hapo sauti ilibadilika, "Lakini akikimbia sababu ya hiyo mchezo, hata mara moja, munaacha. Sitaki kitu kingine cha kumukimbiza. Vile biko tayari vinatosha."

Nikasema ndiyo.

Nilimwomba yule kijana wa Bukavu, mwalimu wa klabu yetu, anisaidie. Nilidhani ataniambia nimwonyeshe vipande vyote, jina moja baada ya jingine, kama nilivyoonyeshwa mimi. Akatikisa kichwa. "Ukimuwekea vyote siku moja, ataona soko. Hataona mchezo." Akaniambia nianze na askari peke yao, vile vipande vidogo vya mstari wa mbele, wanane kwa wanane, na kila kipande kiingie kwa siku yake na kiwe na kamchezo kake. Zaidi ya hapo, seti ilikuwa moja na klabu nzima iliihitaji, kwa hiyo aliniazima aina moja tu kila wiki, nikairudisha Jumamosi. Vingine vyote, hata askari, vilikuwa vifuniko vya soda. Ubao niliuchora kwa mkaa juu ya kipande cha turubai.

Kamchezo ka kwanza kalikuwa rahisi. Askari anasonga mbele nyumba moja, au mbili kama ndiyo anatoka nyumbani. Anakula kwa pembeni, mshazari. Wa kwanza kufikisha askari mmoja upande wa pili ameshinda. Na zaidi, mwalimu alisema, ikifika zamu yako na askari wako wote wamegongana uso kwa uso na wa mwenzako, huna wa kusogeza, umepoteza. "Hiyo ni ya askari tu," alisema. "Inawafanya wasizibane ovyo. Mfalme akiingia tutabadilisha."

Siku ya kwanza nilimshinda. Nilifikiri sana kama nimwachie, nikaona mtoto huyu atajua. Askari wangu alipogusa mstari wake wa nyumbani, niliona mabega yake yakikaza. Vidole vya miguu vilishika vumbi. Mama mdogo alikuwa anachambua maharage hatua chache tu kutoka kwetu, na mkono wake ulisimama ndani ya ungo.

Sijui neno lilitoka wapi. Nilisema haraka, "Sasa upange. Anayepoteza ndiye anayepanga."

"Nani amesema?"

"Ndiyo sheria."

Alinitazama. Halafu akavuta kifuniko kimoja, akakiweka nyumbani kwake. Kisha kingine. Alivipanga taratibu, akiviangalia kama vimekaa katikati ya nyumba zao, na alipomaliza wa kwake akapanga na wa kwangu. Mpaka askari wa kumi na sita alipokaa, mabega yalikuwa yameshuka. "Anza," akasema.

Ungo ukaanza tena kulia.

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yetu. Mikono ikiwa na kazi, miguu ilisahau.

Mnara ulikuja na punje za mahindi. Nilizitawanya juu ya ubao, na mnara ulitakiwa kuzila zote, mwendo wa moja kwa moja tu, mbele, nyuma, kando, kila mwendo ule punje. Alipenda huo. Baadaye mnara mmoja ulipigana na askari watano wasipenye. Askofu alileta shida ya jina, kwa kuwa kwetu kanisani hakuna askofu.

"Ni nani huyu?"

"Askofu. Ni kama mukubwa wa mapasta."

"Basi ni pasta." Ikawa pasta. Alimpitisha mshazari, akarudi, akapita tena, kisha akaona punje iliyokuwa nyumba nyeusi ubavuni mwa pasta wake wa nyumba nyeupe. Alijaribu kila njia. "Yaya, huyu hawezi kufika pale."

"Hawezi. Wa nyeupe ni wa nyeupe mpaka mwisho."

"Hata akizeeka?"

"Hata akizeeka."

Mama mdogo alicheka peke yake kule kwenye moto. "Namujua pasta mumoja kama huyo," akasema.

Mtoto hakuwahi kumwona farasi. Aliona kichwa cha mbao, akasema ni ndama. Nilimfundisha hatua zake: mbili mbele na moja kando, anaruka walio katikati. Ndama alimchukua muda mrefu kuliko vyote. Jioni nyingine alikuwa anaziruka nyumba mbili na moja pale uani kwa miguu yake mwenyewe, akiwa amebeba kidumu. Malkia mmoja alipigana na askari wanane. Alinishinda mara nyingi humo nikiwa na malkia, nami sikuwa namwachia.

Mfalme aliingia mwisho. Hapo tukaweka neno jipya. Mfalme akishambuliwa, tulisema anaona moto. Moto unazimwa kwa njia tatu: kukimbia, kuziba kwa kuweka kipande katikati, au kumla yule aliyeuwasha. Ukikosa zote tatu, huo ni moto usiozimika, mchezo umekwisha.

Yeye alichagua kukimbia. Kila moto, hata askari wake alipokuwa anaweza kumla malkia wangu bure kabisa, mfalme alikimbia.

"Angalia kwanza," nilimwambia. "Iko nani anaweza kuziba? Iko nani anaweza kukula?"

"Lakini kukimbia kunaweza."

"Kunaweza. Kuwe kwa tatu."

Alianza kuhesabu njia kwa sauti ya chini, kuziba, kukula, kukimbia, akigusa kidole. Nilimwona mama yake akimsikiliza akihesabu hivyo, na akageuza uso.

Kisha mwalimu wa klabu akaleta habari kutoka mji wa Mbarara. Shule moja ya mtaa wa Kakoba ilikuwa imeandaa siku ya chesi kwa watoto wadogo, na tulialikwa. Alitaka kumpeleka mtoto wetu. Zilibaki wiki chache. Nilimuuliza kuhusu ile hali ya kukosa pa kwenda wakati mfalme haoni moto. Yeye aliijua kwa Kifaransa, akaiita pati. Mnagawana, hakuna aliyeshinda.

"Pati tuiache kwanza," alisema. "Mtoto hajajua vizuri kumaliza, unamuambia iko kukosa njia na usipoteze? Utamuchanganya. Tufundishe minara miwili kumaliza mfalme. Pati atakutana nayo tukirudi."

Ilikuwa na maana. Tukafanya minara miwili, ule wa mbao na wa dawa ya meno, inapandisha mfalme ngazi kwa ngazi mpaka mstari wa mwisho. Ile sheria ya askari kugongana uso kwa uso ilibaki kichwani mwake kama tulivyoiweka siku ya kwanza.

Mama mdogo hakutaka. Alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu alinikuta naosha miguu, akasimama mbele yangu.

"Huku kila mutu anamujua. Akikimbia wanasema yule mutoto iko kwa tangi. Kule ni muji. Pikipiki mingi, watu hawamujui, hajui luga yao. Akikimbia kule?"

"Nitamushika, mama."

"Weye? Hata ukigombezwa na mutoto unaangalia chini."

Alisema kweli. Nikaangalia chini.

"Aende," akasema mwisho. "Lakini neno langu unalijua. Akikimbia, hakuna tena chesi, na usije kuniomba."

Tuliondoka asubuhi kwa pikapu ya kanisa, watoto wanne, mwalimu na mimi. Mtoto wetu alivaa gauni la kijani la Jumapili. Tulipopita Masha, njiani, aliona ng'ombe wenye pembe ndefu kando ya barabara, akasema wale ndio wakubwa wa ndama wetu.

Shule ilikuwa karibu na barabara kubwa. Geti lilikuwa wazi, magari ya wazazi yakiingia na kutoka, na nje yake ndiyo stendi ya bodaboda. Nililitazama lile geti kuliko nilivyotazama ubao wowote. Ndani ya ukumbi walikuwa wamefunga kamba: watoto upande huu, walimu na ndugu upande ule, na mwamuzi, kijana mwenye shati jeupe aliyesema ni mwanafunzi wa chuo, alitangaza kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili chao cha pale, "Ukiwa nyuma ya kamba, hakuna kusema. Mutu akisema, mutoto wake anapoteza."

Hilo lilinifaa. Niliwaza, leo nimeagizwa kufanya kitu ninachokiweza.

Mchezo wa kwanza alipoteza. Msichana mkubwa kidogo alimfunga kwa malkia na askofu, moto usiozimika, mapema kabisa. Niliona mabega. Niliona miguu ambayo haikufika chini ikianza kutafuta sakafu. Nikashika kamba mpaka ikaniuma. Halafu akanyoosha mkono, akachukua mfalme wake, akamrudisha nyumbani. Akapanga wote, wake na wa mwenzake, huku yule msichana ameshaondoka na mwamuzi anamwambia kwamba si lazima. Alimaliza hata hivyo. Nikapumua.

Mchezo wa pili alikaa na mvulana wa shule ile ile, umri wa miaka saba labda, tai shingoni, soksi mpaka magotini. Mwalimu wake, mama mmoja mwenye miwani, alisimama kando yangu. Mvulana alicheza haraka, akigonga vipande. Wetu alicheza pole pole. Mara mbili nilimwona akigusa kidole baada ya kidole, midomo ikienda, na mara moja aliziba badala ya kukimbia. Nilitamani mama yake angeona. Lakini vipande vyake viliisha kimoja kimoja. Mwishowe alibaki na mfalme aliyesukumwa mpaka pembeni kabisa mwa ubao, nyumba ya kona, na askari mmoja upande wa mbali, amegongana uso kwa uso na askari wa mvulana. Mvulana alikuwa na mfalme, huyo askari, na malkia.

Mvulana akamchukua malkia, akamshusha kwa kishindo. Alimweka karibu na kona, nyumba mbili mbele na moja kando ya mfalme wetu. Hatua ya farasi. Hatua ya ndama.

Nikaona mara moja. Malkia yule hakumgusa mfalme. Hakukuwa na moto. Lakini nyumba zote tatu za kutokea kwenye kona alikuwa amezifunga, na askari wetu hakuwa na pa kwenda. Ilikuwa pati. Mchezo ulikuwa umekwisha pale pale, nusu kwa nusu, na ukumbi mzima ulikuwa na mtu mmoja aliyejua, naye alikuwa nyuma ya kamba.

Mwamuzi alikuwa meza za mbali, ametugeuzia mgongo, na mwalimu wetu alikuwa anawatazama wale watoto wengine.

Mvulana alidhani mchezo unaendelea. "Cheza," akasema.

Mtoto wetu alitazama mfalme wake. Aligusa kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alitazama askari wake kule mbali, pua kwa pua na yule mwingine, na nilijua anakumbuka nini: turubai letu, vifuniko, siku ya kwanza. Huna wa kusogeza, umepoteza. Basi akafanya alichofundishwa. Alinyoosha mkono, akamwinua yule askari kumrudisha nyumbani, aanze kupanga.

"Hapana gusa," mvulana akasema, akaziba ubao kwa mikono. "Bado. Cheza. Cheza wewe."

Wetu alivuta mkono, askari akiwa ndani ya ngumi. Hakuwa na mwendo, na sasa hakuwa na kupanga pia. Watoto wa meza ya jirani waligeuka. "Hajui," mmoja akasema, na mwingine akacheka.

Kiti kikabaki wazi.

Alipita chini ya kamba, chini ya mkono wa mtu, na gauni la kijani likatoka mlangoni. Hakugeuka.

Yule mama wa miwani akashusha pumzi. "Huyo wenu ameacha. Ametoka, basi amepoteza." Na mvulana tayari alikuwa ananyoosha mkono kumchukua malkia wake.

Sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa vile. "Musiguse," nikasema. "Musiguse hata kimoja." Watu wote waligeuka, hata mwamuzi. Nilihisi masikio yanawaka. "Mchezo umeisha kabla hajatoka. Ni pati. Muache vile iko, narudi naye." Sikungoja jibu. Nikaruka kamba na kukimbia.

Nje jua lilikuwa kali na geti lilikuwa wazi vile vile. Pikipiki zilikuwa zinapita mfululizo. Niliangalia barabarani kwanza, nitasema ukweli, niliangalia kwenye lami. Hapakuwa na kitu. Dereva mmoja wa bodaboda alikuwa amelala juu ya tangi la pikipiki yake.

"Ssebo, bwana, umeona mutoto? Gauni ya kijani."

Hakuinua kichwa, alinyoosha kidole. "Amepita pale, kwa maziwa. Nikamuita, hasikii."

Akaniambia jina la njia nisiyoijua, lakini nilikuwa nimeshaliona ninalolitafuta. Kulikuwa na duka la maziwa, na ubavuni mwake tangi kubwa jeusi la maji. Mji mzima asioujua, na alikuwa amepata tangi.

Alikuwa kati ya tangi na ukuta. Magoti kidevuni. Sikumvuta. Nilikaa chini kwenye simenti.

"Nimepoteza," alisema. "Nilikuwa napanga. Amenikatalia kupanga."

"Nimeona."

"Na nimekimbia. Mama atasema tuache."

Nisingeweza kumwambia sivyo, kwa sababu ndivyo mama yake alivyosema. Nikamuuliza jingine. "Malkia yake alikuwa wapi?"

Akafikiri. "Mbili na moja."

"Malkia anaruka kama ndama?"

"Hapana."

"Basi mfalme wako aliona moto?"

Alihesabu nyumba kwa kidole kwenye goti. Ng'ombe mmoja wa kuchorwa alikuwa anatutazama kutoka ukutani mwa duka. "Hakuna moto," akasema.

"Unaweza kufa bila moto?"

"Lakini sina fasi ya kwenda. Hata askari hana fasi. Ulisema asiye na fasi amepoteza."

"Hiyo ni ya askari peke yao. Mfalme akiwepo, inageuka. Hauna fasi ya kwenda, na hakuna moto: hiyo ina jina lake."

"Inaitwa je?"

"Pati. Yeye hajashinda, weye haujapoteza. Munagawana."

Alinichunguza kama namdanganya ili atoke. Watu wengi walikuwa wamemdanganya ili atoke mahali. "Na mfalme? Wanamufanya nini?"

"Hakuna kitu. Anabaki pale."

Alifungua ngumi. Askari alikuwa ameacha alama kwenye kiganja. "Huyu ni wao," akasema. "Nimeiba."

"Basi twende tumurudishe."

Akatoka mwenyewe. Na kurudi alikwenda mbele yangu, haraka, gauni lina vumbi nyuma, nami nikiwa nimemshika tu kwa macho mpaka tukavuka.

Ndani walikuwa wanabishana. Mwamuzi alisimama juu ya ubao. Hakuna kilichoguswa. Yule mama wa miwani alisema, kwa heshima lakini hakuachia, "Sawa, hapa mfalme hana njia, naona. Lakini kulikuwa na pawn, askari mmoja. Labda iliweza kutembea. Sasa pawn iko wapi?"

Mtoto alipita kati yao. Hakumwangalia mtu. Alikwenda upande wa mbali wa ubao na kumshusha askari mbele ya askari wa mvulana, pua kwa pua, kisha akamsukuma kidogo kwa kidole akae katikati ya nyumba yake.

"Na nani anajua ilikuwa pale?" mama yule akauliza.

Nilifungua mdomo. Ningesema mimi, lakini mimi nilikuwa ndugu yake, neno langu lingekuwa na uzito gani? Mwamuzi akamgeukia mvulana wa tai. "Wewe ulikuwa unacheza. Hii ilikuwa wapi?"

Mvulana akamtazama mwalimu wake. Nikafikiri, basi. Kisha akatazama ubao.

"Hapo," akasema. "Ilinisumbua sana. Ilikuwa imeziba yangu."

"Na zamu ilikuwa ya nani?"

"Yake. Nilimwambia acheze."

Mwamuzi akainama, akapitisha kidole nyumba tatu za kona, akagusa askari, akanyooka. "Stalemate," akasema, yaani pati kwa Kiingereza. "Nusu, nusu. Na huyu alipiga kelele mchezo ukiwa umeisha tayari." Mama wa miwani akavua miwani, akaifuta, na akamwambia mvulana wake, "Siku nyingine angalia kabla ya kugonga." Kisha akanigeukia. "Na wewe, siku nyingine usipige kelele hivyo. Nimeshtuka."

Nikasema samahani. Mwalimu wa klabu alikuwa anacheka nyuma ya mkono wake.

Mchezo wa tatu sikuutazama vizuri. Nilisimama mlangoni, kati yake na geti. Alishinda, lakini nilikuwa nawaza nyumbani.

Tulifika jua likiwa linashuka. Mama mdogo alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Alituona tukitoka barabarani, akaendelea kutwanga. Alingoja nifike karibu.

"Alikimbia?"

Nilikuwa nimetafuta maneno kuanzia Masha na sikuwa nimeyapata.

"Nilikimbia," mtoto akasema.

Mtwangio ulisimama. "Mbali?"

"Mpaka kwa tangi ya maziwa. Inje ya geti."

Mama mdogo alinitazama mimi, na sikuangalia chini. Akamrudia binti yake. "Nani alikurudisha?"

"Nilirudi. Yaya alikuwa nyuma."

"Nyuma?"

"Miye nilikuwa mbele. Nilikuwa na askari wao, nilitaka kumurudisha."

Mama mdogo alisimama kando ya kinu, mkono kwenye mti wa mtwangio. Mtoto akaingia ndani, akatoka na kikopo cha vifuniko na turubai, akalitandaza pale pale kwenye vumbi. Akaweka mfalme kwenye kona. Akaweka kifuniko cha malkia, mbili na moja. Akaweka askari wawili pua kwa pua.

"Angalia, mama. Hana fasi ya kwenda. Huku malkia, huku malkia, huku malkia. Na huyu ameziba."

"Basi amekufa."

"Hapana. Hakuna moto."

Mama mdogo akaacha mtwangio, akachuchumaa. Alipitisha kidole nyumba zile tatu, pole pole, kama mwamuzi alivyofanya, ingawa hakuwa amemwona. Alikigusa kile kifuniko cha kona.

"Na wanamuacha hapo?"

"Wanamuacha. Munagawana."

Mama mdogo aliacha kidole juu ya kifuniko kile. Sombe ilikuwa imemshika vidoleni, kijani mpaka kwenye kucha. "Na hapo nani anapanga?" akauliza. "Si munasema anayepoteza ndiye anapanga?"

Mtoto alinigeukia. Hilo hatukuwa tumelifikia.

"Wote wawili," nikasema.

Mama mdogo alifuta mikono kwenye khanga, akavuta vifuniko vya upande wake, na akaanza kuweka askari, kimoja kimoja, kila kimoja katikati ya nyumba yake.